Kuficha Jina Hakumfichi Mgonjwa

Katika hospitali ninazozifahamu, waraka wa aina moja umekuwa ukibandikwa kwenye mbao za matangazo tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ianze kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023. Maneno hutofautiana, lakini agizo ni lile lile: marufuku kutaja jina la mgonjwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya wodi. Wahudumu wametii. Jina limeondoka, mahali pake pakaja "kitanda namba 6" au "yule mama wa jana", na wengi wetu tukaamini kwamba siri sasa imetunzwa. Naona agizo hilo limeanzia pasipo. Siri ya mgonjwa huvuja kupitia watu waliomo ndani ya grupu, kupitia maelezo ambayo kazi ya wakati ule haikuyahitaji, na kupitia lugha tunayomsemea. Ukiondoa jina bila kugusa hayo matatu, mgonjwa anabaki wazi vile vile, na juu ya hapo unamweka kwenye hatari ya kupewa dawa ya mwenzake.

Tukumbuke kwanza magrupu haya yalikujaje. Hakuna aliyeyaanzisha ili apige soga. Wodi ya hospitali ya wilaya usiku inaweza kuwa na wauguzi wawili, daktari mmoja wa zamu anayezunguka kati ya wazazi, watoto na majeruhi, na fundi wa maabara aliyeko jengo la pili. Simu ya mezani, kama ipo, haifiki alipo daktari. Muuguzi anachukua simu yake mwenyewe, kwa bando lake mwenyewe, anaandika. Ratiba ya zamu, upungufu wa damu benki, mashine ya oksijeni iliyoharibika, kitanda kilichopatikana, yote yanapita humo. Kitabu cha ripoti bado kipo mezani na makabidhiano ya zamu bado yanafanyika asubuhi, ila habari ya kweli ya wodi siku hizi inasafiri kwa simu za watu binafsi. Ndipo ugumu ulipo. Hospitali imeuachia mkoba wa muuguzi mzigo ambao kisheria ni wa hospitali.

Sheria yenyewe haisemi jina tu. Inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, inataka zitumike kwa lengo lililozikusanya, na zisizidi zinazohitajika kwa lengo hilo. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019 yenye mwelekeo huo huo. Kabla ya hapo Tanzania ilikuwa tayari na Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2008, inayofanya majibu ya kipimo cha VVU kuwa siri. Kwa macho ya sheria hizi, mtu anatambulika kwa jina, na anatambulika pia kwa chochote kinachoweza kumfikisha msomaji kwake. Katika mji mdogo, "mwalimu wa shule ya pale sokoni aliyejifungua mapacha juzi" ni jina kamili.

Wapo wanaosema tufunge magrupu yote. Hoja yao si nyepesi. Mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa taarifa ya Uingereza iliikaripia rasmi NHS Lanarkshire, mamlaka ya afya ya Uskoti, baada ya wafanyakazi 26 kutumia grupu la WhatsApp kati ya Aprili 2020 na Aprili 2022 na kuweka humo taarifa za wagonjwa zaidi ya mara 500: majina, simu, anwani, hata picha na video. Wafanyakazi wale hawakuwa wahuni. Walipewa WhatsApp kwa mawasiliano ya kawaida wakati wa Uviko, nayo ikageuka faili la wagonjwa pole pole, bila mtu kuamua. Mtu asiye mfanyakazi aliingizwa kwenye grupu kwa makosa, akaziona. Anayetaka kufunga anasema: kama nchi yenye mifumo ile imeshindwa, sisi tutaweza wapi? Jibu langu ni kwamba kufunga kunafunga grupu linalojulikana tu. Wiki inayofuata litafunguliwa jingine lisilo na inchaji, yaani muuguzi msimamizi wa wodi, ndani, na kile ambacho uongozi ungeweza kukisahihisha hautakiona tena. Damu ya mama inayotoka saa nane usiku haisubiri mfumo ununuliwe.

Upande wa pili wapo wanaosema tuachwe, na hutoa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba WhatsApp imefungwa kwa ufunguo, hakuna anayeweza kusoma njiani. Ni kweli, njiani. Ila ujumbe haukai njiani, unakaa kwenye simu ya kila mwanachama, na grupu la wodi niliyoisimamia lilikuwa na simu 43. Kwenye simu nyingi picha inayopokelewa inajihifadhi yenyewe kwenye galari, na kutoka galari inapanda kwenye hifadhi ya mtandaoni ambayo familia nzima hutumia akaunti moja. Mtoto akishika simu ya mama yake atazame katuni, anapita juu ya kidonda cha mtu. Maneno ya mwanzo ya ujumbe hujitokeza juu ya kioo hata simu ikiwa imefungwa, kwenye daladala, mbele ya abiria wa kiti cha pili. Hoja ya pili, ambayo ndiyo dhaifu kuliko zote na ndiyo inayosemwa zaidi, ni kwamba "sote humu ni wahudumu, na jina hatukutaja." Hiyo nataka tuipime kwa ujumbe mmoja.

Ujumbe ufuatao nimeutunga kutokana na vipande vya jumbe nilizozoea kuziona nilipokuwa inchaji wa wodi ya wazazi, ili usimguse mama yeyote wa kweli. Ni saa nane na dakika kumi usiku. Muuguzi amempigia daktari mara mbili, hakupokea. Anaandika: "Jamani yule PMTCT 1 wa kitanda 6 kaanza tena usumbufu wake anasema anatoka damu. Dokta mbona hupokei simu??? Faili hili hapa." Kisha anabandika picha ya ukurasa wa kwanza wa faili. Jina kwenye maandishi halimo, hivyo waraka wa ubaoni ameutii. Lakini picha ina jina, umri, kijiji na namba ya simu ya mume, pale juu kabisa, kwa mwandiko mzuri wa mapokezi. Tumezoea kusoma sehemu ya chini ya ukurasa ule, yenye presha na mapigo, kiasi kwamba macho yetu hayaoni tena sehemu ya juu.

Tuanze na "PMTCT 1". PMTCT ni huduma ya kumkinga mtoto asiambukizwe VVU na mama yake. Kila aliyepita kliniki ya wajawazito anajua namba 1 kwenye kadi ina maana gani na namba 2 ina maana gani. Hiyo si lugha ya siri, ni VVU iliyoandikwa kwa tarakimu. Hata angeiacha, wapo wanaoandika "mtoto apewe nevirapini" au "mama anatumia TLD" wakidhani wamesema habari ya dawa tu. Jina la dawa ni jina la ugonjwa. Kati ya watu 43 wa grupu lile, hesabu ya kweli ilikuwa hivi: wauguzi na madaktari wa wodi hawakufika ishirini. Waliobaki ni daktari aliyehamia mkoa mwingine, intern wa awamu mbili zilizopita, wanafunzi wa uuguzi waliokwisha maliza mafunzo kwa vitendo, mtu wa famasi, mtu wa maabara, na namba tatu ambazo hata admini hakujua ni za nani. Na tuseme mmoja wa wale wauguzi ni shemeji wa mama wa kitanda 6, kwa sababu hospitali ya wilaya huajiri watu wa wilaya. "Sote humu ni wahudumu" inajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Swali ni nani kati yenu anamhudumia huyu, usiku huu.

Mtu makini ataniuliza: je, daktari hapaswi kujua kwamba mama ana VVU? Anapaswa, na hapa ndipo watu huchanganya. Mama anayetoka damu baada ya kujifungua anaweza kupewa ergometrini ili mfuko wa uzazi ujikaze. Dawa hiyo haifai kwa mwenye presha ya juu, na pia haifai kwa anayetumia ritonavir, ambayo imo kwenye baadhi ya dawa za mstari wa pili za VVU, zile zinazotolewa za mwanzo zikishindwa, kwa sababu zikikutana mishipa ya damu inaweza kubana kupita kiasi. Kwa hiyo dawa anazotumia mama huyu ni habari ya uhai wake. Ila ni habari ya masikio mawili: ya anayeandika dawa na ya anayeichoma. Wanaambiana kwa simu au kando ya kitanda, sauti chini, faili mkononi. Usiri haukusudii kumnyima daktari taarifa. Unakusudia taarifa imfikie yeye nzima, na wengine 41 isiwafikie kabisa.

Sasa hicho "kitanda 6". Mwandishi wa waraka alidhani namba ya kitanda ni mbadala salama wa jina. Kila aliyefanya kazi wodi ya wazazi iliyojaa anajua kwamba kitanda kimoja kina akina mama wawili, wamelala mzungu wa nne, na kwamba baada ya saa sita usiku tunawahamisha ili wa upasuaji apate nafasi karibu na mlango. Kitanda 6 cha saa moja jioni si kitanda 6 cha saa nane usiku. Daktari akijibu kwenye grupu "mpe ile sindano kitanda 6", tayari kuna wanawake wawili wanaoweza kuchomwa. Namba ya kitanda inatosha kumwonyesha mtu pa kukimbilia, haitoshi kumpa mtu dawa. Dawa inatolewa kwa vitambulisho viwili vinavyolingana, jina analolitamka mgonjwa mwenyewe na namba ya faili, na hivyo viwili mahali pake ni kitandani. Saa nayo ni mtego ambao siuoni kwenye waraka wowote. Kwenye faili tunaandika 02:00, mdomoni tunasema saa nane, na kwenye grupu mtu anaandika "alipewa saa 8". Anayepokea zamu asubuhi akilisoma hilo kama 08:00, dozi inayofuata inasogea saa sita nzima.

Kwa hiyo naligawa jambo hivi: grupu ni kengele ya kuita mtu, na agizo la matibabu halipiti humo. Muuguzi yule yule, saa ile ile, angeandika: "Dokta wa zamu, tafadhali njoo wodi ya wazazi sasa hivi. Kitanda 6, amejifungua usiku huu 00:45, anatoka damu nyingi. Presha 90/50, mapigo 124. Dripu inakwenda, oksitosini amepewa. Naendelea kukupigia." Tazama kilichobaki na kilichoondoka. Presha na mapigo vimebaki, kwa sababu ndivyo vinavyomtoa mtu kitandani kwake. Saa ya kujifungua imebaki kwa sababu ya asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia damu kutoka, gramu 1 kwenye mshipa, ambayo Shirika la Afya Duniani linataka ianzwe ndani ya saa 3 tangu mtoto atoke. Kwa mama huyu mlango huo unafungwa 03:45, na msomaji anaiona hesabu hiyo papo hapo. VVU imeondoka, kijiji kimeondoka, picha imeondoka. Damu iliyotoka haikupunguzwa hata tone. Ujumbe wa pili una taarifa nyingi zaidi za kitabibu kuliko wa kwanza, na siri chache zaidi. Wanaosema usiri unapunguza usalama wangeziweka jumbe hizi mbili pamoja kabla ya kusema tena.

Kilichoondoka pia ni "usumbufu wake". Watu huchukulia lugha kama suala la adabu, jambo la pembeni ambalo matroni atalikemea akipata nafasi. Mimi naliona ni suala la tiba. Mama aliyeitwa msumbufu saa nane usiku, anayesoma grupu ataanza kumwona hivyo kabla hajamgusa, na akisema tena "natoka damu" atasikika kama mtu wa kulalamika. Kwenye wodi ya wanaume neno hilo ni "mlevi". Mgonjwa ameletwa anayumba, mdomo unanuka pombe, mtu anaandika "mlevi wetu karudi", na zamu mbili mfululizo zinamwacha alale. Hakuna aliyetoboa kidole kupima sukari, hakuna aliyemulika mboni za macho kutazama kama aliangukia kichwa. Sukari ikishuka mtu huyumba na kuropoka kama mlevi, na anaweza kuwa amekunywa kweli na sukari imeshuka kweli. Ukiandika "amelegea, anaitika akitikiswa, pombe inanuka, sukari bado haijapimwa", mwenzako anapokea kazi ya kufanya. Kipimo changu ni rahisi: andika kile ambacho ungemsomea mgonjwa mwenyewe akiwa ameketi mbele yako.

Zile alama tatu za kuuliza kwa daktari ni upande wa pili wa lugha hiyo hiyo. Hasira ya muuguzi ninaielewa, mama anatoka damu na simu haipokelewi. Ila aliyekaripiwa mbele ya watu 43 hujitetea mbele ya watu 43, na dakika tano zinapita kwenye kujitetea. Ubaya zaidi huonekana wiki zinazofuata. Inchaji akiandika kwenye grupu "nani alimpa mgonjwa dozi mara mbili jana, ajitokeze", hakuna atakayejitokeza, na mara nyingine dozi ikipotea haitasemwa mahali popote. Makosa ya dawa yaulizwe ana kwa ana, mlango umefungwa, kisha fundisho lake lirudi kwa wote bila jina la mkosaji wala la mgonjwa. Kwenye wodi nyingi mpangilio umepinduka: mkosaji anatajwa hadharani, fundisho halitajwi.

Tiki za bluu nazo zimetudanganya. Ujumbe uliosomwa na watu 30 na kujibiwa na sifuri ni wa kawaida sana usiku, kwa kuwa kila mmoja anaamini mwenzake ameitika. Ndiyo maana ujumbe ule wa pili unamtaja anayeitwa kwa cheo chake cha usiku ule, na ndiyo maana jibu linalohitajika ni "Nimepata, dakika tano", na halafu "Nimefika". Vidole gumba kumi na tano vinavyofuata vinasukuma ujumbe wa wodi ya watoto juu, usionekane. Na kuna ujumbe mmoja usiopaswa kuandikwa kwenye grupu kabisa kabla ya saa yake: "RIP kitanda 6". Ndugu huambiwa kifo na mtu aliyeketi nao. Shemeji yule aliyemo kwenye grupu akiusoma akiwa zamu nyingine, atapiga simu nyumbani kabla daktari hajatoka chumbani.

Haya yote yanarudi kwa uongozi, kwa sababu waraka wa "msitaje jina" una faida moja kubwa kwa aliyeuandika: haugharimu chochote. Kanuni ninazozitetea zinagharimu. Simu moja ya wodi, mali ya hospitali, yenye bando linalolipwa na hospitali, inayolala mezani kwa wauguzi, ingeondoa sehemu kubwa ya picha za wagonjwa kwenye galari za watu binafsi. Inchaji apewe muda, siku moja ya kila mwezi, kupitia orodha ya wanachama akiwa na ratiba ya zamu mkononi, na anayehama atolewe siku anayokabidhi. Jumbe ziwekwe zijifute baada ya siku 7, kwa sharti kwamba chochote kinachohusu matibabu kimeandikwa kwenye faili kabla zamu haijaisha, kwa saa na sahihi. Ujumbe uliojifuta bila kuingia kwenye faili umempotezea mgonjwa ushahidi wa alichofanyiwa. Kujifuta huko hakumzuii mtu kupiga skrinishoti, hivyo hakuchukui nafasi ya kupunguza yaliyoandikwa tangu mwanzo.

Na likiharibika? Litaharibika, mtu amechoka, saa kumi alfajiri, atabandika picha isiyo yake kubandikwa. WhatsApp inaruhusu kuufuta ujumbe kwa wote ndani ya siku mbili na ushee, kwa hiyo aliyeona kwanza amwambie aliyetuma kwa simu, si kwa kumwaibisha humo humo. Kisha inchaji aambiwe asubuhi ile ile, naye aufikishe uongozini, maana sheria inaitaka taasisi iiarifu Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi taarifa zinapovuja. Hatua ambayo sijaiona ikifanyika vya kutosha ni ya mwisho. Inchaji anavuta kiti kando ya kitanda, anavuta pazia kama lipo, anamwambia mama: "Mama, usiku kuna picha ya faili lako iliwafikia watu wasiohusika. Tumeifuta. Wapo walioiona, na mmoja wao ni ndugu yako." Mama huyo ana haki ya kujua kabla hajaruhusiwa, kwa sababu jioni atarudi kwenye nyumba ambayo huenda habari imeshamtangulia.